Friji Niliifunika, Mchoro Nikauacha: Nembo, Vibao na Sanaa za Watu Nyuma ya Picha

Siku tulipomhoji mshona kofia katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, nilitumia karibu nusu saa nzima kuficha nembo. Nyuma yake palikuwa na friji ya soda, nikaibandika karatasi. Palikuwa na kalenda ya duka la simu, nikaigeuza ikatazama ukuta. Hata chupa ya maji iliyokuwa mezani niliibandua lebo. Juu ya hivyo vyote ulining'inia mchoro wa jahazi lililotweka tanga jekundu, upana wake kama mita moja, na huo sikuugusa kwa sababu ulipendeza. Nilifika hadi kusogeza taa ili tanga lile lijitokeze vizuri nyuma ya bega la mzee. Wiki mbili baada ya kuiweka video YouTube nilipata ujumbe, na haukutoka kwa kampuni ya soda. Ulisema: "Kaka, jahazi hilo ni kazi ya mkono wangu. Mbona sikuulizwa?"

Nilikuwa nimeogopa kisichotisha na kukipuuza kilichotisha, na naona wapiga video wengi wa kwetu wanafanya vivyo hivyo. Kosa hilo hutokana na kuchanganya sheria mbili ambazo kila moja inalinda kitu chake.

Nembo ya soda ni alama ya biashara. Nchini Kenya inalindwa na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na kinacholindwa hasa ni uhusiano kati ya alama na bidhaa, yaani mnunuzi asidanganyike kuhusu mali ni ya nani. Anayevunja sheria hiyo ni yule anayeitumia alama katika biashara yake kwa namna ya kuwafanya watu waamini kwamba bidhaa au huduma yake inatoka kwa mwenye alama au ina baraka zake. Friji inayoonekana nyuma ya mshona kofia katika makala ya maisha yake haimuuzii mtu soda, wala hakuna mtazamaji atakayedhani kwamba kofia zile zimeshonwa na kampuni ya soda. Ndiyo maana barabara nzima ya Mombasa, ambako kila duka la pili limepakwa rangi za kampuni ya simu au ya sabuni kutoka msingi hadi paa, inaweza kupita kwenye picha bila shida. Ukijaribu kuificha yote hutabakiwa na barabara.

Mambo hubadilika pale picha ileile inapoingizwa kwenye tangazo. Ukimtengenezea mteja tangazo la duka lake la viatu, na katikati yake kibao cha chapa maarufu ya viatu kikaonekana wazi juu ya mlango, mtazamaji ana haki ya kudhani kwamba duka hilo ni wakala wa chapa ile. Hapo alama imeanza kufanya kazi ya kuuza, na mwenyewe ana sababu ya kulalamika. Kwa hiyo picha nilizopiga kwa ajili ya makala sizikati kuwa tangazo kabla ya kuzikagua upya, hata kama mteja ana haraka.

Kuna hatari nyingine ya vibao ambayo haitokani na alama za biashara hata kidogo, nayo ni kashfa. Tuseme sauti ya msimulizi inasema kwamba dawa bandia zinauzwa mjini, na mhariri, akitafuta picha ya kujazia sekunde sita, anaweka kipande cha mtaa chenye kibao cha duka la dawa kinachosomeka. Hakuna aliyelitaja duka lile, lakini picha imelitaja, na mwenye duka anaweza kwenda mahakamani kwa kuharibiwa jina. Kuufifisha mwandiko wa kibao hakusaidii sana ikiwa rangi ya mlango na kinyozi wa jirani bado vinatambulika na kila mkazi wa mtaa. Tunapohariri, kila sentensi yenye lawama huwa tunaisikiliza huku tumeikazia macho picha iliyo chini yake, na picha hiyo ikiwa na duka, gari au nyumba ya mtu, tunaibadilisha.

Turudi kwenye jahazi. Mchoro unalindwa na hakimiliki, ambayo haiulizi kama mtazamaji amechanganyikiwa. Inauliza kama kazi ya mtu imenakiliwa. Nchini Kenya ulinzi huo hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyorekebishwa mwaka 2019, imetuachia wapiga picha milango miwili ambayo sasa imewekwa katika Jedwali la Pili la sheria hiyo. Wa kwanza unaruhusu kuingiza katika filamu au matangazo ya redio na televisheni kazi ya sanaa iliyo mahali ambapo umma unaweza kuiona. Wa pili unaruhusu kazi ya sanaa ambayo imeingia katika filamu kwa kupita tu, bila ya kuwa ndiyo iliyokusudiwa.

Mlango wa kwanza ndio unaotuwezesha kupiga picha ya mtaa wenye michoro ukutani na matatu zilizochorwa sura za wanasoka na waimbaji bila kumtafuta kila mchoraji. Si nchi zote zilizo na ukarimu huo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, kwa mfano, inaruhusu majengo na sanamu zilizosimama kwa kudumu mahali pa wazi, lakini haikutaja michoro ya ukutani; na ya Marekani inaruhusu kupiga picha majengo yanayoonekana kutoka mahali pa umma, lakini haikuwafungulia wapiga picha mlango kama huo kwa sanamu na michoro. Anayeuza filamu yake kwa kituo cha huko hawezi kujitetea kwa sheria ya Nairobi. Tena, je, ndani ya mkahawa ni mahali ambapo umma unaweza kuona? Mtu anaweza kubishana kwamba ndivyo, kwa kuwa yeyote anaweza kuingia akaagiza kahawa. Mimi sipendi kuijengea kazi yangu msingi wa hoja ambayo huenda nikalazimika kuitetea mbele ya hakimu.

Mlango wa pili ndio niliotaka kuukimbilia, na ndio ulionifungia. Nilipopima, jahazi lilionekana kwa dakika 3 na sekunde 40 katika makala ya dakika 11, likiwa limemulikwa na kuwekwa makusudi kando ya kichwa cha mzee. Isitoshe, picha ya jalada ya video ilikuwa fremu iliyojaa tanga jekundu. Kitu ulichokimulika na kukifanya jalada huwezi kusema kimepita tu.

Watu huniuliza ni sekunde ngapi zinazoruhusiwa, na wengine hutaja tano kana kwamba zimeandikwa mahali. Hakuna idadi hiyo. Kesi mbili za mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York zinaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1997 mahakama hiyo ilisikiliza malalamiko ya msanii Faith Ringgold, ambaye bango la kazi yake lilitundikwa ukutani katika kipindi cha televisheni, likaonekana mara 9 kwa jumla ya sekunde 26.75. Mahakama ilikataa kuliita jambo dogo, kwa kuwa bango lilionekana vya kutosha na lilichaguliwa ili kulipamba jukwaa. Mwaka uliofuata, mahakama hiyohiyo iliamua kuhusu picha 10 za mpigapicha zilizotokea katika filamu kwa jumla ya sekunde 35.6, yaani muda mrefu zaidi, na mlalamikaji akashindwa, kwa sababu picha zilikuwa mbali, zimefifia na hazikuweza kutambulika. Kilichoamua ni kama jicho la mtazamaji lingeweza kuitambua kazi yenyewe.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kamera kuwaka, huwa najiuliza swali moja nikiwa nimesimama nyuma ya lenzi: mchoro huu ukiondolewa pakabaki ukuta mtupu, nitasikitika? Nikisikitika, basi nimeshauchagua, na aliyeuchora anastahili kuulizwa. Nisiposikitika, nauondoa kwenye picha kwa kazi ndogo ya mikono. Kiti kikigeuzwa kidogo, ukuta mwingine unakuja nyuma. Msemaji akisogezwa mita mbili au tatu kutoka ukutani, na lenzi ikafunguliwa hadi f/2.8, mchoro unabaki kuwa rangi tu zisizosomeka. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kuacha hadi wakati wa kuhariri ni kujitafutia adhabu: sekunde 12 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 300, na ingawa programu kama DaVinci Resolve hulifuata lenyewe doa la kufifisha, kamera ikiwa mkononi na kichwa cha msemaji kikipita mbele ya mchoro, doa linateleza na utalirekebisha kwa mkono. Matokeo yake pia hayapendezi, kwani mtazamaji huacha kumsikiliza mzee akaanza kukisia kilichofichwa.

Na ruhusa inaombwa kwa nani? Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Mwenye mkahawa alikuwa amenikubalia kila kitu kwa moyo mweupe: "Mwanangu, piga utakacho, hii nyumba yako." Lakini anayenunua mchoro huwa amenunua kitambaa na rangi zilizo juu yake, haki ya kuunakili hubaki kwa mchoraji mpaka aihamishe. Kuna tofauti moja inayofaa kukumbukwa: kwa sheria ya Kenya, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Kwa hiyo sasa swali langu la kwanza ni, "Bi mkubwa, mchoro huu uliununua tayari au uliuagiza?" Leseni ya kupiga filamu haijibu swali hili, kwa sababu inakuruhusu wewe kufanya kazi na haigawi haki za mchoraji.

Karatasi ninayotumia ni ukurasa mmoja. Ina jina la mchoraji na la kazi, picha ndogo ya mchoro wenyewe ili pasiwe na ubishi ni upi, jina la filamu, mahali itakapoonyeshwa na kwa muda gani, kama inaweza kutumika katika jalada na vionjo, malipo ikiwa yapo, jinsi atakavyotajwa, na sahihi mbili zenye tarehe. Kipengele cha jalada nakiandika peke yake kila mara, kwa sababu picha ya jalada si filamu, na aliyekubali kuonekana nyuma ya mtu hajakubali kuwa bango.

Mchoraji wa jahazi tulielewana naye. Nilibadilisha jalada siku ileile, nikamlipa kiasi tulichoafikiana, na tukakaa mkahawani palepale, chini ya mchoro wake, kutia sahihi karatasi ya kwanza ya namna hiyo niliyowahi kuiandaa. Aliisoma mpaka mwisho, akaomba kalamu, akaongeza mstari mmoja: jina lake liandikwe kama alivyoliandika pembeni mwa jahazi, si kama lilivyo kwenye kitambulisho.