Michango ya mama kwenye grupu la wasapu

"Tuko watano, mama yuko Marangu na dada. Kila mwezi grupu linageuka ugomvi wa hela. Nyie mnafanyaje?"

Pole ndugu. Kwetu Kibosho kilichotugombanisha ni ile "jamani tuchangie" isiyo na kiasi. Tukamwomba dada anayeishi na mama aandike matumizi ya mwezi mzima kwenye daftari: msaidizi wa ndani 120,000, dawa za presha na sukari 85,000, chakula na mkaa 100,000, nauli za kliniki 45,000. Jumla 350,000.

Dada tulimtoa kwenye fedha. Anayeamka usiku kumpeleka mama chooni ameshachanga. Wawili wenye mshahara wanatoa 120,000 kila mmoja, kaka fundi 70,000, mdogo wetu 40,000. (Kaka alinuna wiki mbili, akazoea.) Hela zinamfikia dada kabla ya tarehe 5 pamoja na ada ya kutolea, la sivyo anafika kwa wakala anakuta pungufu. Risiti ya duka la dawa anaipiga picha na kuitupia kwenye grupu, na orodha ya waliotoa tumeibandika juu isipotelee kwenye salamu za asubuhi.

Tulichochelewa kukiona ni kwamba dada alikuwa anachoka kimyakimya. Alianza kujibu "sawa" tu kwa kila kitu. Sasa kila mwezi mmoja wetu anapanda Ijumaa jioni, dada anashuka Moshi mjini kwa rafiki yake mpaka Jumapili. Mama akizidiwa hatujadiliani kwa meseji, tunapigiana simu.