Kichwa cha barua pepe kwa bosi mwenye shughuli nyingi: ombi, kitu, siku

Leseni za programu ya uhasibu zilifungwa Ijumaa mchana, wahasibu wakiwa katikati ya kufunga hesabu za mwezi. Watu kumi na wawili walikaa mbele ya kompyuta zisizowaruhusu kuingia. Kuhuisha leseni hizo lilikuwa jukumu langu, na idhini nilikuwa nimeshaiomba tangu Jumatatu.

"Mbona hukuniambia?" meneja wangu akaniuliza.

"Nilikuandikia Jumatatu, Mama."

Hakubisha. Alifungua barua pepe kwenye simu yake, akanisogezea. "Haya, nionyeshe."

Nilisogeza orodha kwa kidole mpaka nikachoka. Barua yangu sikuiona, na mimi ndiye niliyeiandika! Hatimaye nikaikuta chini kabisa, ndani ya mazungumzo ya wiki mbili nyuma yaliyoitwa "Re: Re: Kikao cha Jumatatu". Nilikuwa nimejibu barua ya zamani kwa sababu ilikuwa karibu, nikaingiza ombi la leseni humo humo. Kwa yeye, ule ulikuwa ni mjadala wa kikao kilichokwisha. Hakuwa na sababu yoyote ya kuufungua.

Kilichonishughulisha zaidi ni jinsi orodha yenyewe ilivyoonekana mkononi mwake. Kila barua ilikuwa na jina la mtumaji, kisha kichwa kilichokatwa katikati, kisha maneno machache ya mwanzo wa barua. Basi. Hapo ndipo anapoamua afungue ipi, mara nyingi akiwa anatoka kikao kimoja kuingia kingine. Tangu siku ile ninapoandika kichwa naiwaza ile simu.

Wengi wetu tumezoea kichwa cha barua rasmi: YAH: OMBI LA KUHUISHA LESENI. Kichwa cha namna hiyo kina kazi yake, na kinaifanya vizuri. Kinataja jambo ili karani ajue barua inaingia faili gani. Hakisemi nani afanye nini, wala lini, kwa kuwa barua yenyewe inawekwa mezani na itasomwa tu. Barua pepe haina anayeiweka mezani. Kichwa chake ndicho kinachobeba kazi ya karani, ya faili na ya mtu anayebisha hodi mlangoni.

Tuchukue ombi lile lile la leseni tuone lingeandikwaje.

"Kuhusu leseni" hakisemi kama ninaomba, ninalalamika au ninatoa taarifa. "Ombi la kuhuisha leseni za programu ya uhasibu" ni afadhali, lakini bado meneja anaweza kusema moyoni, sawa, nitaiona jioni. Hakuna siku. Nikaongeza siku: "Leseni za uhasibu zinaisha Ijumaa". Hapa wengi tunakosea, na kosa lenyewe halionekani upesi. Kichwa hiki kinamwambia meneja kuwa ana muda mpaka Ijumaa. Hana. Akishaidhinisha, kitengo cha ununuzi kinahitaji nusu siku kuandaa hati ya kununulia, na muuzaji anahitaji usiku mmoja kufungua leseni mpya. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Ijumaa asubuhi, idhini inatakiwa Alhamisi saa 6 mchana. Siku ya kuandika kwenye kichwa ni hiyo ya uamuzi. Siku ya madhara inakuja baadaye, kama sababu.

Kwa hiyo leo ningeandika hivi:

"Naomba idhini ya leseni kufikia Alhamisi mchana, za uhasibu zinaisha Ijumaa"

Hesabu herufi kuanzia "Naomba" mpaka "Alhamisi", pamoja na nafasi. Ni 40. Simu nyingi huonyesha kati ya herufi 30 na 40 hivi za kichwa, kutegemea upana wa kioo na ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenye simu. Mpangilio wa ombi, kitu, siku unahakikisha kwamba kikikatwa, kinachopotea kwanza ni maelezo. Meneja aliyeona "Naomba idhini ya leseni kufikia..." ameshajua anatakiwa afanye nini, na kwamba kuna siku. Sehemu ya mwisho ataisoma kwenye kompyuta, au atakapoifungua.

Swali ninaloulizwa na wenzangu ni kama haifai kuanza na "Idhinisha", kwa kuwa ni neno moja na lina nguvu. Ni fupi kweli, ila kwa Kiswahili amri tupu kwa mkubwa wako inakwaruza, na mtu aliyekwaruzwa hafanyi haraka. "Naomba idhini" inakugharimu herufi chache na inabaki na heshima. Kama nafasi imebana sana, tumia jina la tendo peke yake: "Idhini ya leseni kufikia Alhamisi". Hapo humwamrishi mtu. Kinachostahili kuondolewa ni "tafadhali" mwanzoni kabisa, maana inakula herufi tisa kabla hujasema lolote. Iweke ndani ya barua, itapokewa vizuri zaidi.

Andika siku kwa jina lake, usiandike "kesho" wala "leo". Barua uliyotuma Jumatano usiku ikisomwa Alhamisi asubuhi, "kesho" yako inakuwa Ijumaa yake. Kama kuna Alhamisi mbili zinazoweza kuchanganywa, ongeza tarehe. Saa kamili naiweka ndani ya barua, na siku zote naandika "saa 6 mchana", kwa sababu "saa 6" peke yake inaweza kuwa ya usiku, na kwa anayesoma saa ya simu yake inaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Sasa yale maneno machache yanayoonekana chini ya kichwa. Hayo ni mwanzo wa barua yako, na kwetu barua huanza kwa salamu. "Habari za kazi, ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu" imejaza nafasi yote na ombi halijaonekana. Siishauri barua isiyo na salamu. Bosi wangu angeiona kavu, na mimi pia. Nafanya salamu iwe fupi na ombi lifuate kwenye mstari huo huo: "Habari za asubuhi Mama, naomba uidhinishe leseni 12 kwa kunijibu 'Sawa' kufikia Alhamisi saa 6 mchana." Ona pia kuwa nimemwambia jibu lenyewe ni lipi. Hahitaji kufungua kiambatisho kwanza ili ajue anatakiwa aandike nini. Nukuu ya bei na idadi ya watumiaji vinafuata chini, kwa atakayetaka kuvikagua.

Hapo ndipo unapoweza kutambua kasoro iko wapi. Kama barua haifunguliwi, tazama kichwa. Kama imefunguliwa ukajibiwa "nimeiona, nitaiangalia", kichwa kimefanya kazi yake ila barua imemtaka asome kurasa tatu kabla ya kuamua. Na akikuuliza "kwa hiyo unataka nifanye nini?", mara nyingi utakuta umeweka maombi mawili mle ndani, tuseme idhini ya leseni na ruhusa ya kuajiri kibarua. Kichwa kimoja hakibebi maamuzi mawili. Atajibu lililo rahisi, na lile jingine litapotea. Tuma barua mbili.

Kuhusu "HARAKA" na "MUHIMU SANA" kwa herufi kubwa, nimeziacha kabisa. Zinaeleza wasiwasi wangu, hazimwelezi kazi yake, na baada ya mara ya tatu jicho lake linaziruka. Siku yenye jina inaonyesha uharaka vizuri zaidi. Afadhali sana neno linalopunguza mzigo: barua isiyohitaji jibu naianza kwa "Kwa taarifa:", na nakuwa mkweli nayo. Ukificha ombi ndani ya barua ya "Kwa taarifa", umemfundisha asiziamini zote. Ukilitumia kwa uaminifu miezi miwili, atajua kuwa barua yako isiyo na neno hilo inamtaka afanye jambo.

Lile kosa langu la kujibu ndani ya mazungumzo ya zamani lina dawa rahisi: jambo jipya, barua mpya. Kama ni lazima utumie barua ya zamani kwa sababu ina historia inayohitajika, badilisha kichwa. Kwenye Gmail ya kompyuta, ukiwa unajibu, bonyeza kishale kidogo pembeni ya jina la mpokeaji uchague kuhariri mada. Gmail ikiona kichwa kimebadilika itaanzisha mazungumzo mapya, na hicho ndicho unachokitaka. Lakini kwa kumkumbusha fanya kinyume chake: jibu barua yako mwenyewe bila kugusa kichwa, ili ombi, nukuu ya bei na kumbusho vikae pamoja. Kumbusho langu huwa ni sentensi moja, nalo naliandika Jumatano alasiri, wakati bado ana asubuhi nzima ya kuamua.

Kuna barua ambazo kanuni hii haizifai. Kichwa kinaweza kuonekana kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa, na simu ya meneja hulala juu ya meza ya kikao mbele za watu. Hata kwa njia nyingi za kusimba barua pepe, kinachofichwa ni mwili wa barua, kichwa kinabaki wazi. Kwa hiyo mshahara, ugonjwa na nidhamu ya mtu havitajwi pale. Mfanyakazi mmoja wa kitengo chetu alipohitaji likizo ya ghafla ya matibabu, niliandika: "Naomba dakika 10 Jumanne kabla ya saa 9 alasiri". Ombi lipo, siku ipo, na kitu chenyewe nilikwenda kumweleza ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa.