Kipimajoto kimezidi visanduku

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu kaleta chemshabongo ya mada ya afya. Wima: "Chombo cha kupimia joto la mwili (9)". Tumejaza kipimajoto, kinazidi kisanduku kimoja. Kisanduku chake cha tano ni cha tano pia cha mlalo: "Kutoa jino lililooza (6)". Hilo ni kung'oa, lakini ile alama ya juu inakaa kisanduku chake?

Jibu: Marahaba. Anza na jino, maana ndilo lenye uhakika. Fasili imeanza na "kutoa", kitenzi chenye ku-, basi na jibu lianze na ku-. Sasa hesabu k-u-n-g-o-a: sita kamili. Ukiipa ritifaa kisanduku zinakuwa saba, kwa hiyo mtunzi wenu hakuihesabu. Ng' ni sauti moja tunapotamka, ila kwenye jedwali hili n na g zimekaa mbalimbali, na kisanduku cha tano kimepata o.

Rudi kwenye wima. Herufi ya tano ya kipimajoto ni m, haipatani na hiyo o. Najua wengine hapo hukata ki- wabaki na pimajoto, lakini hizo ni herufi nane, kisanduku kimoja kinabaki wazi. Neno lenu ni themometa: t-h-e-m-o-m-e-t-a, tisa, na ya tano ni o. Mimi mwenyewe ningekimbilia kipimajoto, kwa sababu "chombo cha kupimia" kinamvuta mtu kwenye ki-. Fasili hueleza kitu kilivyo, haikuahidi kwamba jina lake limeundwa kwa kitenzi hichohicho. Angalia pia th imechukua visanduku viwili. Wapo watunzi wanaojaza silabi badala ya herufi, na kwao the-mo-me-ta ni visanduku vinne tu.

Mkikutana na "Watu wanaotibiwa hospitalini (8)", msiandike mgonjwa mkashangaa kubakiza nafasi. Fasili imesema watu, nanyi semeni wagonjwa.

Kuna mahali idadi ya herufi haisaidii kitu. "Ugonjwa wa mapafu wenye homa na kikohozi (7)" unaweza kuwa kichomi, unaweza kuwa nimonia, yote herufi saba. Ubaya zaidi, herufi ya pili ya yote mawili ni i, kwa hiyo neno linalokatiza hapo halitakuambia lolote. Acheni wazi, jazeni linalokatiza kisanduku cha tatu: ikitokea c ni kichomi, ikitokea m ni nimonia. Na tumieni penseli. Mwaka jana nilijaza nimonia kwa kalamu ya wino, nikaharibu kona nzima ya jedwali.