Ushuhuda wa mteja wa msimu uliopita: muulize tena kabla hujauchapisha

Nyanda za Juu Kusini, mahindi yakishakauka shambani, maduka ya pembejeo huanza kugombea wateja wa mifuko ya kuhifadhia. Mimi huandika matangazo ya maduka hayo: vipeperushi, mabango ya mlangoni, ujumbe wa makundi ya WhatsApp na maneno ya kusomwa redioni. Na karibu kila msimu mwenye duka huniambia, "Rudisha yale maneno ya yule mama, yaliuza sana." Namwelewa. Mkulima humwamini mkulima mwenzake kuliko anavyoniamini mimi. Lakini ushuhuda wa msimu uliopita siurudishi kabla sijaongea tena na mwenye maneno, na hapa nitaeleza kwa nini, kwa kutumia ushuhuda mmoja niliowahi kuushughulikia.

Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Machi 2024, kutoka kwa mama mmoja mkulima wa Wilaya ya Wanging'ombe. Alisema hivi: "Msimu huu nimeweka gunia kumi na mbili kwenye mifuko yenu. Miezi saba imepita, juzi nimefungua, hakuna dumuzi hata mmoja. Dawa sijanunua kabisa. Na mfuko wenyewe elfu tano tu." Kwa ruhusa yake maneno hayo yalitumika kwenye tangazo la mavuno ya 2024. Juni 2025 mwenye duka akayataka tena, yale yale.

Kwanza niliyasoma nikiwa na kalamu, nikipigia mstari kila neno lililofungwa na wakati. "Msimu huu" ni mahindi yaliyovunwa 2023. Msomaji wa 2025 ataelewa mahindi ya juzi. "Elfu tano tu" ni bei iliyokuwa imeshapanda. Ukiiacha, mteja atafika kaunta na noti ya elfu tano mkononi, na muuzaji ndiye atakayeanza kumweleza kwamba tangazo ni la zamani. Wapo wanaoibadilisha bei ndani ya nukuu ili ilingane na ya sasa. Hilo ni kumsemesha mtu kitu ambacho hakukisema, hata kama bei mpya ni sahihi. Bei ya leo iandikwe nje ya nukuu, kwa maneno ya duka.

Kisha nikauliza kuhusu mfuko wenyewe. Mama alitumia mfuko wenye nailoni mbili za ndani na kiroba cha nje. Mfuko huo haufanyi kazi kwa dawa. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo huvuta hewa iliyobaki mpaka ikapungua, wanaacha kula, halafu wanakufa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea nailoni kutopitisha hewa. Mwaka huo duka lilikuwa limeongeza aina nyingine, yenye nailoni moja, kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Huenda nayo ni nzuri, lakini mama hakuwahi kuitumia, na maneno yake hayawezi kuisemea. Nilimwomba mwenye duka kwamba nukuu ikae chini ya picha ya mfuko ule ule tu, na aina mpya iwe na kipeperushi chake. Alisita, kwa sababu aina mpya ndiyo aliyokuwa nayo nyingi stoo. Mkulima akiona picha ya mfuko huu na maneno yanayohusu mfuko mwingine, atanunua akidhani vimejaribiwa pamoja, na ikiharibika atarudi dukani na gunia lililooza.

Baada ya hapo nikapiga simu. Ruhusa ya mwanzo alikuwa ameitoa kwa tangazo la msimu ule. Hakuna mahali aliposema itumike miaka yote.

Kuhusu sheria niseme kwa ufupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana ya kwao ya 2019, inayomtwisha anayetumia taarifa jukumu la kuthibitisha kwamba mhusika alikubali, na inayompa mhusika haki ya kuondoa kibali chake. Mwaka 2023, ofisi inayosimamia sheria hiyo Kenya ilitoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Jina, sauti, picha na kijiji cha mteja ni taarifa zake. Duka limeazimwa tu.

Simu yenyewe ilienda hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Za siku?"

Nikamweleza kwamba duka linataka kuyatumia tena maneno yake, nikamsomea yote, polepole, na bei ikiwemo. Halafu nikauliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: "Mama, bado unasema hivyo hivyo?"

Sikumuuliza kama anaruhusu, kwa sababu mtu mwenye adabu akiombwa ruhusa na kijana wa kawaida atasema "tumieni tu, haina shida," na hapo hujajua lolote. Ukimuuliza kama bado anasema hivyo, anarudi kwenye ghala lake kichwani na kukuambia kilichotokea tangu siku ile.

Akajibu: "Ya mwaka ule ni kweli yote. Ila mwaka uliofuata nilirudia mifuko ile ile, na mmoja panya waliutoboa. Uliegemea ukuta. Huo mahindi yake yaliliwa, ukawa unga mtupu. Mingine iko salama."

Hilo lisingejulikana kama ningeichukua nukuu ya zamani na kubadilisha mwaka. Mifuko hii hurudiwa zaidi ya msimu mmoja ikiwa nailoni haijatoboka, na wakulima wengi waliosoma tangazo la 2024 walikuwa sasa na mifuko iliyokwisha kutumika nyumbani. Hao ndio wangesoma "hakuna dumuzi hata mmoja" wakajaza mifuko yenye matundu. Kabla ya kuirudia inabidi ujaze nailoni hewa, ukunje mdomo, uikandamize na kusikiliza kama inapumua. Kisha gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta, panya wasipate njia.

Nikauliza tena: kabla ya kuweka, mahindi alikuwa ameyafanyaje? Akashangaa kidogo. "Si niliyaanika! Nikayapima kwa chumvi." Kwake jambo hilo ni la wazi mno kiasi kwamba hakulitaja kwenye ujumbe wa sauti. Kwa msomaji ndilo kila kitu. Mfuko usiopitisha hewa haukaushi mahindi, unafungia unyevu uliomo, na mahindi mabichi ndani yake huota ukungu unaoweza kuleta sumukuvu. Kipimo cha chumvi ni rahisi: unatia chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, unaongeza punje kidogo, unafunga, unatikisa, unaacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Kwa hiyo ushuhuda wake wa mwanzo ulikuwa wa kweli kila neno, na bado ungeweza kumpoteza mtu, kwa sababu nusu ya sababu ya kufanikiwa kwake haikuwemo.

Jambo la mwisho alilisema yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo mimi huwauliza wateja wote. "Yale magunia kumi na mbili usiyaweke. Mwaka ule watu walikuja." Hakumaanisha wezi peke yao. Walikuja ndugu wa kukopa, akaja na mtu aliyekuwa akimdai marehemu mumewe. Ukiandika "Mama fulani" na jina la kijiji, kisha idadi ya magunia na mwezi, umewatangazia watu akiba ya nyumba ya mtu. Kwa kijijini hata jina la nusu halifichi, maana mama wa jina hilo anayelima mahindi mengi ni mmoja na anajulikana. Tukakubaliana iandikwe "Mkulima, Wilaya ya Wanging'ombe", bila jina, bila picha, bila idadi. Wenye maduka hulalamika kwamba nukuu isiyo na uso haiaminiki. Kwa uzoefu wangu, mkulima huamini maelezo: mahindi yalianikwa vipi, yalikaa muda gani, nini kiliharibika.

Sikutaka kuikata nukuu ya zamani kwa mkasi wangu. Nilimwomba aseme upya kwa ujumbe wa sauti, kwa namna anayoona sawa, nikaandika alichosema na kumrudishia kwa maandishi asomewe na binti yake. Tangazo likatoka hivi:

"Mahindi ya 2023 niliyaanika, nikayapima kwa chumvi, nikayaweka kwenye mifuko hii bila dawa. Baada ya miezi saba nilifungua, dumuzi hakuna. Mwaka uliofuata niliirudia. Mmoja ulitobolewa na panya, huo uliliwa. Mingine ni mizima." Mkulima, Wilaya ya Wanging'ombe, Juni 2025.

Chini yake, kwa maneno ya duka na herufi tofauti, yakaja maelezo ya kukagua nailoni na bei ya sasa. Redioni hatukurusha sauti yake kwa sababu hakutaka. Mtangazaji alisoma, akisema kwamba anasoma maneno ya mkulima.

Mwenye duka aliogopa ile sentensi ya panya. Nikamwambia kwamba mtu aliyewahi kuhifadhi nafaka anajua panya wapo, na akiliona tangazo lisilowataja atajua limeandikwa na asiyejua ghala. Pia, mkulima anayeelewa kwamba mfuko uliotoboka ni wa kubadilishwa atakuja kununua mfuko. Wapo waliokuja kununua mmoja mmoja wa kujazia pengo, jambo ambalo tangazo la mwanzo halikuwahi kuwaleta.

Ninachohifadhi ni kidogo: ujumbe wake wa sauti wa mwanzo na wa pili, maandishi aliyoyakubali, aina ya mfuko aliotumia, na maneno yake kuhusu mahali pa kutumia na mwisho wake. Tulikubaliana mwisho uwe Desemba 2025, kwenye vipeperushi, makundi ya WhatsApp na kusomwa redioni tu. Nilimweleza kwamba akibadili mawazo kabla ya hapo anipigie, na vilivyobaki dukani vitaondolewa. Kwenye makundi tunaweza kufuta ujumbe wetu, lakini kilichokwisha kusambazwa na watu wengine hatuwezi kukirudisha, na hilo nilimwambia kabla hajakubali. Malipo hakuomba. Duka lilipotaka kumpa mifuko ya bure nilishauri wampe baada ya tangazo kutoka, na kama itatolewa kabla, basi tangazo liseme kwamba amepewa.