Weka brashi chini, mwezi unajizungusha!

*"Habari wakuu. Naandaa modeli ya jua, dunia na mwezi na wanafunzi wangu kwa maonyesho ya sayansi. Nataka tuonyeshe kwamba tunaona upande mmoja tu wa mwezi kwa sababu mwezi haujizungushi. Ule upande wa nyuma nimepanga kuupaka nyeusi."*

Mkuu, weka hiyo brashi chini. Weka kabisa, funga na kopo la rangi. Hiyo modeli unayoitaka mimi nilishaijenga, kwa shilingi 85,000 za mfukoni mwangu, na nilivyoadhirika nayo mbele ya watu hadi leo nikiona mpira mweusi naangalia pembeni.

Nilikuwa na kitini cha tuisheni kilichoandikwa kwa kujiamini kabisa: "Mwezi haujizungushi kwenye mhimili wake, ndiyo maana tunaona upande mmoja." Aliyekiandika, popote alipo, Mungu amsamehe. Mimi bado. Na mwalimu mwenzangu aliyekuwa akifundisha jiografia alitikisa kichwa kukubali, kwa hiyo nikaona mashahidi wawili wanatosha hata mahakamani.

Basi nikaenda kwa fundi baiskeli. Nilitaka mkono wa chuma unaozunguka dunia, na kwenye ncha yake mpira ambao ni mwezi. Sasa fikiria. Ukigandisha mpira kwenye mkono, mkono ukizunguka mpira nao unageuka pamoja nao. Mimi sikutaka ugeuke, si haujizungushi? Tukatafuta meno mawili ya baiskeli yaliyo sawa. Moja tukalichomelea katikati kwenye kitako lisicheze kabisa, jingine tukaliweka kwenye ncha chini ya mpira, tukayaunganisha kwa mnyororo. Kwa mtindo huo, mkono uzunguke utakavyo, mpira unabaki umeelekea ukuta uleule wa chumba. Kiufundi ilikuwa kazi safi, nasema bila aibu.

Fundi, ambaye shule aliishia la saba, aliniuliza: "Mwalimu, ukiugandisha tu huo mpira si utaangalia katikati muda wote? Mnyororo wa nini?" Nikamwambia achomelee, sayansi aniachie mimi.

Siku ya maonyesho akapita jaji, mama mmoja mtu mzima, mpole. Wanafunzi wangu wawili wakaeleza vizuri bila kukwama. Yule mama akashika mkono wa modeli akauzungusha taratibu. Robo ya kwanza, dunia ikaona ubavu wa mwezi. Nusu, ikaona upande mweusi mzima mzima, ule niliousema hauonekani kamwe. Akaniangalia mimi, si watoto, akasema: "Mwalimu, mbona mwezi wako unatugeuzia kisogo?" Sikuwa na jibu. Niliinama kama natafuta kitu kilichoanguka.

Ndiyo hapo nilipopata kanuni yangu, na nikikukuta mtaani nitakusimamisha nikuambie: tazama kuta, usitazame kigoda.

Jaribu sasa hivi kabla hujanijibu kwa hasira. Weka kigoda katikati ya chumba, hicho ni dunia. Kizunguke huku uso wako ukikielekea muda wote. Ulianza umeelekea mlango, kisha ukaelekea dirisha, kisha kabati, kisha ukuta wa nne, mwisho ukarudi kwenye mlango. Umegeuka mzima mara moja! Aliyeketi kwenye kigoda hakuona kisogo chako, ila kuta zimeona kila upande wako. Sasa rudia, lakini macho yasitoke mlangoni. Hapo ndipo hujageuka kweli, na aliyeketi ataona uso, sikio, kisogo na sikio la pili. Hiyo ndiyo modeli yangu ya 85,000.

Mwezi unafanya lile la kwanza. Kuizunguka dunia unachukua siku 27.3, na kujizungusha kwenye mhimili wake siku 27.3 hizohizo, ukizipima kwa nyota, ambazo ndizo kuta za chumba. Na kama ungekuwa haugeuki kwa nyota, mtu aliye kule angeona jua likichomoza mara moja tu kwa mwaka. Lakini sehemu nyingi za mwezi hupata kama wiki mbili za mchana, kisha wiki mbili za usiku.

Utaulizwa, na jaji ataanza hapo: mbona namba zimelingana hivyo, bahati? Si bahati. Dunia huvuta upande wa mwezi ulio karibu kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, kwa hiyo mwezi umevutika kidogo, umekaa kama yai kwa mbali sana. Zamani ulikuwa ukijizungusha kwa kasi zaidi, na lile tumbo la yai likawa linapitiliza mstari unaoelekea duniani. Dunia ikawa inalivuta kurudi nyuma, kila mzunguko, huku mwamba ukikandwa na kupoteza nguvu kama joto. Ni breki. Ilibana hadi kujizungusha kukalingana na kuzunguka, na pale tumbo likatulia kwenye mstari. Nguvu ya aina hiyohiyo ndiyo inayoleta maji kujaa na kupwa kule pwani, ila kule pwani inasukuma maji.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho kile kitini hakingeweza kukieleza hata kingelipwa. Hatuoni nusu tu, tunaona asilimia 59, kidogo kidogo. Kujizungusha kwa mwezi ni kwa mwendo mmoja, lakini njia yake si duara kamili. Ukiwa karibu nasi, kama kilometa 363,000, unakimbia. Ukiwa mbali, kama 405,000, unajivuta. Kwa hiyo kujigeuza mara kunatangulia, mara kunachelewa, nasi tunachungulia kidogo nyuma ya shavu lake. Kuyumba huku kunaongezewa na kuinama kwa mhimili wake ukiulinganisha na njia yake. Ukitaka kuona mwenyewe, tafuta doa dogo la mviringo lililo peke yake karibu na ukingo wa mwezi. Chukua darubini ndogo, lichore leo na ulichore tena wiki moja baadaye. Nafasi kati yake na ukingo haitakuwa ileile. Mwezi uliogandishwa kwenye mkono hauwezi kufanya hivyo, kwa hiyo jaji akiwa mkali sana mkubalie kwamba hata modeli sahihi inadanganya kidogo hapo.

Na hiyo nyeusi, jamani. Upande wa nyuma hauonekani kutoka hapa, haimaanishi hauna mchana. Mwezi ukiwa mwandamo kwetu, kule nyuma jua linawaka. Warusi waliupiga picha Oktoba 1959 kwa chombo cha Luna 3, na Januari 2019 Wachina walitua kule na gari linalotumia umeme wa jua. Hebu niambie, umeme wa jua gizani? Mimi nilipaka makoti mawili ya nyeusi. Mawili!

Paka pande zote rangi moja ya kijivu, kisha chora madoa upande unaoielekea dunia, upande wa pili weka matundu mengi bila madoa makubwa, ugandishe mpira kwenye mkono kwa skrubu moja. Wanafunzi wako wafundishe kukizunguka kigoda na kuhesabu kuta kabla ya kufungua mdomo.

Mnyororo na meno nilimrudishia fundi. Akanipa elfu nane, na hakucheka hadi nilipofika kona.