Ankara ya kazi ya ziada hushindwa shimoni kabla haijafika mezani

Nimekaa miaka mingi upande wa mkandarasi nikipima kazi na kuandaa maombi ya malipo, na sehemu inayokatwa kwa kalamu nyekundu kuliko zote ni ile ya kazi ambazo hazikuwemo kwenye mkataba. Ni nadra mhandisi mshauri kukana kwamba kazi ilifanyika, maana ukuta umesimama na kila mtu anauona. Anachokata ni kile ambacho hukionyeshi: nani aliagiza, ilikuwa kiasi gani, na bei umeitoa wapi. Kila mstari wa ankara ya kazi ya ziada lazima ujibu maswali hayo matatu. Majibu ya mawili ya kwanza hupatikana saitini tu, tena kwa muda mfupi sana.

Nitachukua mfano wa msingi, kwa sababu kazi ya msingi ndiyo inayofukiwa haraka. Michoro inasema mashimo ya vitako vya nguzo yachimbwe mita 1.5 kwenda chini. Mnachimba, na katika mashimo matano mnakuta udongo laini uliojaa maji. Mhandisi anakuja, anauchoma kwa chuma, anatikisa kichwa, kisha anamwambia fomeni: "Endeleeni chini mpaka mkute udongo mgumu, halafu jazeni zege dhaifu mpaka usawa wa kitako." Anapanda gari na kuondoka. Udongo mgumu unapatikana mita 2.3.

Maneno yale ni agizo, lakini bado hayajawa karatasi. Kabla jua halijazama, andika barua au barua pepe fupi. Mimi huandika hivi:

"Tunathibitisha agizo lako la mdomo la leo asubuhi, mbele ya fomeni wetu, kwamba mashimo ya nguzo 4, 5, 6, 9 na 10 yachimbwe chini ya kina cha michoro hadi udongo mgumu, na nafasi ijazwe zege dhaifu hadi chini ya kitako. Tunaichukulia kazi hii kuwa mabadiliko ya mkataba. Tunaomba mtu wako aje kupima pamoja nasi kabla ya kumwaga zege. Athari kwa muda tutaileta kwa barua tofauti."

Humo hamna bei wala malalamiko. Kwenye mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ule wa jalada jekundu toleo la 1999, kifungu cha 3.3 kinaipa barua hii nguvu kubwa: ukithibitisha agizo la mdomo ndani ya siku 2 za kazi, na mhandisi asiposema lolote kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi tangu aipokee, barua yako yenyewe inakuwa agizo la maandishi. Mikataba mingine ina siku tofauti, na mingine haina kinga hiyo kabisa. Soma wa kwako kabla ya kuanza kazi, si baada ya kubishana.

Angalia pia nani aliyesema. Msimamizi wa saiti anayekagua nondo kila siku anaweza kuwa hana mamlaka ya kubadilisha kazi, hata kama anasema kwa sauti ya bosi. Vivyo hivyo mteja anayepita Jumamosi na kusema, "Ongezeni dirisha hapa." Kwa heshima zote, mwambie utalifikisha kwa mhandisi, kisha ulifikishe kwa maandishi. Dirisha hilo likitobolewa bila agizo la mwenye mamlaka, hutajua umtumie nani ankara.

Sasa vipimo. Zege likishamwagwa, hakuna anayeweza kujua kama shimo lilikuwa mita 2.3 au 1.9. Kwa hiyo kabla ya kumwaga, mtu wako na mtu wa mhandisi wasimame shimoni na kipimio cha usawa, waandike kina cha kila shimo kwenye karatasi moja, na wote wawili watie saini. Piga picha zinazoonyesha fimbo ya kupimia na namba ya nguzo pamoja. Akikataa kuja, mtumie vipimo siku ile ile, ukitaja saa uliyomwita na saa ya kumwaga zege. Saini yake inathibitisha vipimo tu. Haimaanishi amekubali kulipa, na ukimweleza hivyo atasaini bila woga.

Tuingie kwenye hesabu. Bei nitazitaja bila sarafu, kwa kuwa njia haibadiliki. Kila shimo ni mita 2 kwa 2, yaani mita 4 za mraba. Kina cha ziada ni mita 0.8. Mashimo matano yanatoa mita za ujazo 16 za kuchimba.

Hapa wengi hujikwaa kwenye malori. Risiti za kubeba kifusi zitaonyesha labda mita za ujazo 20, kwa sababu udongo ukishachimbwa unaumuka. Lakini kawaida ya upimaji ni kulipa ujazo wa shimo, na kuumuka huko kumo ndani ya bei ya kubeba. Ukiandika 20, mkadiriaji wa upande wa pili ataigundua mara moja, na kuanzia hapo atakagua kila namba yako kwa jicho la shaka.

Upande wa bei kuna ngazi tatu, na huruki ngazi. Kwanza, kama orodha ya vipimo na bei ina kazi ile ile katika mazingira yale yale, tumia bei iliyomo. Kubeba kifusi kuna bei ya 4, na lori halijui udongo umetoka kina gani, kwa hiyo 16 mara 4 ni 64.

Pili, kama kazi inafanana lakini mazingira yamebadilika, chukua bei ya orodha na uirekebishe mbele ya macho ya msomaji. Kuchimba hadi mita 1.5 kuna bei ya 10, na chini ya hapo orodha haina kitu. Nafungua ile 10: mtambo wa kuchimbia, yaani kijiko, 6, vibarua 2, gharama za ofisi na faida 2, ambayo ni asilimia 25 ya 8. Kijiko kinagharimu 48 kwa saa na kilikuwa kikichimba mita 8 za ujazo kwa saa. Kwenye tope la chini, taarifa za kila siku zinaonyesha mita 6. Kwa hiyo kijiko kinakuwa 8, vibarua wanabaki 2, jumla 10, na asilimia 25 ile ile inaifikisha 12.5. Mita 16 zinatoa 200. Kilichobadilika ni uwezo wa mtambo tu, na ushahidi wake upo. Ukiandika 18 kwa sababu "kazi ilikuwa ngumu," utarudishwa kwenye 10.

Zege dhaifu ni kisa cha kuvutia zaidi. Orodha ina zege hilo kwa bei ya 90 kwa mita ya ujazo, kwa tabaka jembamba la sentimita 5 chini ya kila kitako. Kumwaga kwa wingi shimoni ni rahisi kuliko kusawazisha tabaka jembamba, kwa hiyo mimi mwenyewe nashusha hadi 80 na kueleza kazi niliyoiondoa. Najua baadhi ya wenzangu wataguna. Lakini mhandisi angeishusha vyovyote, na angeishusha kwa hesabu yake badala ya yangu.

Kisha lipo tabaka lenyewe jembamba. Katika mashimo yale matano halikumwagwa tena, maana zege la kujazia limechukua nafasi yake. Kwa hiyo zege la kujazia si kina cha mita 0.8 bali 0.85, na mita 20 za mraba mara 0.85 ni mita za ujazo 17, yaani 1,360. Nalo tabaka lililoachwa, mita ya ujazo 1 kwa bei ya 90, linatolewa. Makato haya yaandike mwenyewe, kwenye ukurasa ule ule.

Ngazi ya tatu ni kazi isiyofanana na chochote kwenye orodha wala kupimika vizuri. Kwetu ni kuvuta maji: pampu siku 3 kwa 30, na vibarua wawili siku hizo 3 kwa 8 kila mmoja, jumla 138 kwa bei za kutwa zilizomo kwenye mkataba. Kazi ya kutwa ina masharti mawili: mhandisi awe ameagiza ilipwe hivyo, na karatasi ya kila siku yenye majina, saa na mitambo isainiwe wakati kazi inaendelea. Karatasi za siku tatu zikiletwa pamoja mwisho wa mwezi, zote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, hata mimi nisingezilipa.

Jumla: 200, 64, 1,360 na 138 ni 1,762. Toa 90, inabaki 1,672.

Kiasi hicho usikitumie kama ankara inayojitegemea nje ya utaratibu. Mabadiliko yakishaagizwa ni sehemu ya kazi ya mkataba, kwa hiyo huingia kwenye ombi la malipo la mwezi chini ya kichwa chake, yakiwa na namba ya amri ya mabadiliko. Nyuma yake ambatanisha barua ya uthibitisho, karatasi ya vipimo, mchanganuo wa bei na karatasi za kutwa, kwa mpangilio huo. Fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo ambayo mteja huishikilia kama dhamana, zitakatwa humo kama kwenye kazi nyingine. Ankara ya kodi hufuata hati ya malipo ikishatoka, kwa kiasi kilichoidhinishwa, la sivyo utajikuta unadaiwa kodi ya fedha ambazo hujakubaliwa.

Mhandisi akikubali kazi ila akabisha bei ya kuchimba, usikubali mstari wote uwekwe sifuri hadi mtakapoelewana. FIDIC ya 1999, kifungu cha 12.3, inamtaka aweke bei ya muda kwa ajili ya hati za malipo wakati mjadala unaendelea. Omba hivyo kwa kutaja kifungu. Hata akiweka ile 10 ya orodha, unapokea 160 sasa na kubishania 40 baadaye.

Muda una njia yake. Siku zilizopotea, pamoja na gharama za kuendesha saiti kwa siku hizo, usizifiche ndani ya bei ya zege. Zinahitaji taarifa yake, ambayo katika mkataba huo huo lazima itolewe ndani ya siku 28 tangu ulipojua tukio, au ulipopaswa kulijua. Siku hizo zinahesabiwa tangu asubuhi ile ya tope, bila kusubiri amri ya mabadiliko isainiwe. Ndiyo maana barua yangu ya kwanza humalizia na ule mstari wa muda, na barua yenyewe ya taarifa huituma wiki hiyo hiyo, hata kama bado sijui tutachelewa siku ngapi.