Laki tatu kwa laki tatu, na deni asilolijua mke

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, tunaishi Segerea na mke wangu na mtoto wetu wa miaka 4. Baada ya makato yote, ya Bodi ya Mikopo yakiwemo, mkononi napata 700,000. Mke wangu yuko kampuni ya uwakala wa forodha, anapata 2,100,000. Nyumbani yeye analipa kodi, ada ya chekechea na dada wa kazi, jumla 750,000 kwa mwezi. Mimi nabeba chakula, umeme, maji na gesi, 250,000. Mama yangu Morogoro nampelekea 100,000, nauli na mahitaji yangu 120,000. Yeye anamsomesha mdogo wake chuo kwa 250,000, mafuta ya gari na mambo yake 250,000. Tulikubaliana kila mmoja aweke 300,000 kwa mwezi kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT. Huu ni mwezi wa 10, tuna milioni 6, akaunti ina jina lake. Yeye anataka kiwanja Kigamboni, mimi nataka fedha za shule ya mtoto. Asichojua ni kwamba nakopa ili kufikisha hiyo laki tatu, kwenye simu na kwa mwalimu mwenzangu. Deni limefika 740,000. Ananiambia sina ari ya maendeleo. Naona aibu kumwambia mwanamke kwamba siwezi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu zako, na jibu limo humohumo ndani ya barua.

Toa kwenye 700,000 yako chakula na bili za nyumba, toa ya mama, toa nauli na mahitaji yako. Unabaki na 230,000. Ukiahidi 300,000 kutoka kwenye 230,000, kila mwezi unapungukiwa 70,000. Kwa miezi 10 hiyo ni 700,000, na ile 40,000 inayobaki kwenye deni lako ni riba. Hukuwa mzembe, wala ari haijakuishia. Mlikubaliana kitu ambacho mshahara wako haukuweza kukibeba tangu mwezi wa kwanza, na hakuna aliyekaa chini kukihesabu.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa mke wako. Kwenye 2,100,000 toa gharama zake za nyumbani, mdogo wake na mahitaji yake. Anabaki na 850,000. Akiweka laki tatu bado ana 550,000 mfukoni. Kwa hiyo laki tatu yake na laki tatu yako si mzigo mmoja hata kidogo, na yeye hawezi kuliona hilo kwa sababu umemficha.

Wengi wangekushauri mgawane kwa uwiano wa mishahara: yeye anapata mara tatu yako, basi aweke mara tatu. Ni afadhali kuliko mlivyo sasa, ila mimi sipimi hapo. Mshahara hauonyeshi nani anatunza mzazi na nani anasomesha mdogo wake. Pima ziada, yaani kinachobaki baada ya gharama za nyumba na wajibu wa lazima wa kila mmoja. Ziada yenu ni 230,000 na 850,000, jumla 1,080,000. Mkikubaliana kila mmoja aweke asilimia 55 ya ziada yake, wewe utaweka 126,500 na yeye 467,500. Zungusheni iwe 130,000 na 470,000. Mnapata 600,000 ileile mliyoizoea, na wewe unabaki na laki moja ya kwako badala ya kumpigia simu mwalimu mwenzako tarehe 15.

Uzuri wa asilimia ni kwamba inasogea na maisha. Siku deni lako la Bodi likiisha, yale makato ya asilimia 15 yanarudi kwenye mshahara wako, ziada inapanda na mchango wako unapanda nayo bila mabishano. Mdogo wake akimaliza chuo, wa kwake nao unapanda. Hesabu hii mwirudie kila baada ya miezi sita, au mara tu mshahara wa mmoja wenu unapobadilika.

Mahali ambapo mpango wa namna hii huharibikia ni kwenye orodha ya wajibu. Mtu akitaka kuweka kidogo, wajibu wake huanza kunenepa. Kwa hiyo andikeni kabisa kipi kinahesabiwa. Dawa na matumizi ya mama, ndiyo. Ada ya chuo ya mdogo wake, ndiyo. Mchezo wa kazini au kikoba, hapana, hiyo ni akiba na inabaki ndani ya ziada. Michango ya harusi, ambayo hapa Dar haina msimu, itoeni kwenye fungu la nyumba kwa kiwango mlichopanga wote wawili, kwa sababu kadi zinaletwa kwa jina la bwana na bibi. Mkiiacha kila mmoja aitoe mfukoni mwake, itakumaliza wewe kwanza.

Tuje kwenye ile milioni 6. Karibu laki 7 humo ndani ni za mkopo, na mkopo huo unakula kuliko mfuko unavyozaa. Tuseme mkopo wa simu unatoza asilimia 9 kwa mwezi, na mfuko unakupa kama asilimia 12 kwa mwaka mzima, ambayo ni asilimia 1 kwa mwezi. Kila laki uliyokopa ukaiweka pale inaingiza elfu moja na kutoa elfu tisa. Ushauri wangu ni muuze vipande, yaani sehemu zenu za mfuko, vya thamani ya 740,000 na mlipe deni lote siku moja, la simu na la mwenzako. Mfuko wa Ukwasi umetengenezwa kwa ajili hiyo, fedha yake inapatikana ndani ya siku chache za kazi. Mtabaki na 5,260,000, na kila shilingi itakuwa yenu.

Kuhusu kiwanja na shule, sioni ugomvi hapo. Ni malengo ya umri tofauti yaliyorundikwa kwenye kapu moja, ndiyo maana kila mmoja anaona mwenzake anamnyang'anya. Kwanza tengeni milioni 3, matumizi ya nyumba ya miezi mitatu, mziache palepale kwenye Ukwasi na mkubaliane haziguswi ila kwa ugonjwa, kufiwa au kazi kuisha. Inabaki 2,260,000, hiyo ndiyo mwanzo wa kiwanja. Kisha ile 600,000 ya kila mwezi igaweni, 400,000 kiwanja na 200,000 mtoto. Kama kiwanja anachokitaka ni cha milioni 12, mtakifikia kwa miaka miwili na kidogo, hata bila kuhesabu faida ya mfuko. Akisema anakitaka mwaka huu, muulize kwa upole fedha itatoka wapi, maana jibu litakuwa mkopo, na wewe ndio umetoka huko.

Fedha ya kiwanja isiondoke kwenye Ukwasi. Ni ya muda mfupi, haifai kuingizwa kwenye hisa za soko la Dar, ambazo bei inaweza kushuka mwezi uleule mnaohitaji kulipa. Ya mtoto ina miaka mingi mbele, kwa hiyo inaweza kufungwa. Mkikusanya 200,000 kwa miezi mitano mna milioni 1, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kununua hatifungani ya serikali, yaani mkopo mnaoipa serikali kwa riba, inayouzwa na Benki Kuu. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Chagueni ya muda utakaoiva kabla au karibu na kidato cha kwanza, si ile ya miaka 25 kwa kuvutiwa na riba. Ukitaka kuiuza kabla haijaiva inabidi umpate mnunuzi sokoni, na bei yake inaweza kuwa chini ya uliyonunulia.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Akaunti ina jina lake, na hapo mbele kuna kiwanja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyoandikwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa yao kwa sehemu sawa. Mambo yakifika mahakamani kwenye talaka, mchango wa kila mmoja unapimwa kwa fedha, mali au kazi, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Lakini kuthibitisha kunahitaji karatasi. Wewe unalisha nyumba ili yeye aweze kuwekeza zaidi, na chakula hakina risiti yenye jina lako. Kwa hiyo tangu mkataba wa mauziano wa kiwanja, kabla hata ya hati, yawepo majina mawili, na risiti za malipo vilevile.

Kwenye hati mtakutana na uamuzi mwingine. Kuna umiliki wa pamoja, ambao mmoja akifariki aliyebaki anachukua chote, na kuna umiliki wa mafungu, ambao fungu la aliyefariki linakwenda kwa warithi wake. Kwa maoni yangu mafungu yawe nusu kwa nusu ingawa wewe unaweka 130,000 na yeye 470,000. Mnachangia kwa uwezo, mnamiliki kama mke na mume. Najua wapo watakaosema anayetoa zaidi amiliki zaidi. Ila mkianza kuhesabu hivyo, itabidi mhesabu pia jioni unazomlea mtoto yeye akiwa bandarini na meli. Hili mlizungumze na kulikubali kabla ya kununua, na kama yeye haoni hivyo, ni bora ulijue sasa.

Umesema unaona aibu kumwambia mwanamke. Baba, huyu mwanamke analipa kodi ya nyumba unayolala, umesema mwenyewe, na hujaandika popote kwamba amekudharau kwa hilo. Kinachomkera ni kukuona unasitasita kila tarehe ya mchango bila sababu anayoijua. Usimpelekee jedwali la asilimia kwanza, litaonekana ni hila ya kupunguziwa. Subiri Jumamosi mtoto akilala, anza na deni. Mtajie lote, la simu na la mwenzako, usibakishe hata elfu kumi, kwa sababu akija kuligundua lililobaki hatasikiliza hesabu yoyote tena. Mwambie: "Nilikuwa nakopa ili nisionekane nimeshindwa, na nimeona tunapoteza fedha zetu wote wawili." Mwache aseme atakayosema, hata akikasirika usijitetee usiku huo.

Hesabu za ziada ziwekeni mezani kesho yake, kila mmoja aandike zake kwa mkono wake, maana zake mimi nimezijua kupitia wewe tu na huenda kuna mzigo anaoubeba ambao hata wewe hujaambiwa. Ukiukuta, namba zangu zitabadilika. Asilimia ya kuweka mpangeni upya pale pale, na mwezi ujao wa mshahara ndio uwe wa kwanza.